Barua Pepe za Kukumbushia Ankara Zilizopitisha Muda: Karakana ya Ushonaji, Arusha, kwa Hoteli ya Karatu

17 Februari 2025
Kwa: Joseph, Idara ya Uhasibu
Yah: Ankara Na. 118 ya Sh 3,776,000

Kaka Joseph,

Habari za kazi na hongereni kwa msimu. Dereva wetu aliyepita Karatu wiki iliyopita aliwaona vijana wa mapokezi wamevaa sare mpya na zimewakaa vizuri. Tumefurahi.

Nakukumbusha ankara ya sare hizo, Na. 118 ya tarehe 13 Januari: sare 64 kwa Sh 50,000 kila moja, jumla Sh 3,200,000, pamoja na VAT ya asilimia 18 ambayo ni Sh 576,000. Siku 30 za malipo ziliisha tarehe 12 Februari, na mpaka leo asubuhi benki haikuwa na kitu kutoka kwenu.

Huenda imejificha kati ya karatasi za mwisho wa mwezi, kwa hiyo nimeambatisha nakala yake tena, pamoja na hati ya makabidhiano iliyosainiwa na mtunza stoo wenu. Kama mmeshalipa, nitumie slipu ya benki nikaifuatilie mwenyewe. Kama bado, ningeshukuru kuipata ndani ya wiki hii.

Wasalimie wote hapo.

Neema
Karakana ya Ushonaji, Njiro, Arusha

---

10 Machi 2025
Kwa: Joseph, Idara ya Uhasibu
Yah: Ankara Na. 118 na Na. 126, jumla Sh 8,732,000

Kaka Joseph,

Shikamoo ya mbali. Tulipoongea kwa simu tarehe 20 Februari uliniambia hundi ya ankara Na. 118 ipo mezani kwa meneja inasubiri saini. Leo ni siku ya 18 tangu siku hiyo, na ankara ya pili nayo imepitisha muda.

Hali ilivyo ni hii:

Na. 118 (sare), ilitakiwa kulipwa 12 Februari: Sh 3,776,000
Na. 126 (pea 120 za mashuka na foronya), ilitakiwa kulipwa 5 Machi: Sh 4,956,000

Kuna jambo naomba ulielewe, kwa sababu wewe ni mhasibu na utaliona haraka kuliko wengine. Risiti za EFD za kazi hizi tulishazitoa, na VAT inahesabiwa tangu ankara inapotoka, hela iwe imeingia au haijaingia. Ya Januari tuliilipa TRA kabla ya tarehe 20 Februari. Ya Februari inatakiwa kabla ya tarehe 20 mwezi huu. Maana yake tunailipa serikali kodi ya fedha ambazo bado ziko kwenu, na tunaitoa kwenye mtaji wa kununulia vitambaa.

Kama kuna kasoro yoyote kwenye mzigo, iwe saizi, rangi au idadi, niandikie leo hii. Fundi atafuata na kurekebisha bila gharama. Kama hakuna kasoro, naomba tarehe ya malipo kwa maandishi ifikapo Ijumaa, 14 Machi.

Neema

---

3 Aprili 2025
Kwa: Joseph, Idara ya Uhasibu
Nakala: Meneja Mkuu
Yah: Ankara tatu zilizopitisha muda, jumla Sh 11,280,800

Ndugu Joseph,

Poleni na shughuli za Sikukuu ya Idi. Nimemwongeza Meneja Mkuu kwenye barua hii, si kwa nia ya kukushtaki kwake, bali kwa sababu ulinieleza kwamba uamuzi hauko mikononi mwako. Anayeamua naye aione hesabu kama sisi tunavyoiona.

Ankara Na. 131 ya tarehe 24 Februari (mapazia 12 na aproni 40, Sh 2,548,800 pamoja na VAT) imepitisha muda tarehe 26 Machi. Ukiiongeza kwenye zile mbili, deni zima ni Sh 11,280,800. Ya kwanza sasa ina siku 50 tangu ilipotakiwa kulipwa.

Nimesoma jibu lako kwamba masika yameanza, wageni wamepungua na tusubiri mpaka Juni. Naelewa msimu, kwani karakana hii imeshonea hoteli za ukanda huu kwa miaka mingi na tunajua Aprili na Mei zilivyo. Lakini mzigo huu mliuchukua Januari na Februari, mashuka haya yamelaliwa na wageni waliolipa. Nina mafundi 14, na masika hayapunguzi kodi ya nyumba zao wala ada za watoto. Aliyetuuzia majora ya pamba naye tulimlipa taslimu siku tuliyobeba.

Kwa hiyo naomba haya: ankara Na. 118 ilipwe yote kabla ya tarehe 11 Aprili, na ndani ya siku hizo hizo mniletee mpango wa maandishi, wenye tarehe, kwa hizo mbili zilizobaki. Niko tayari kuja Karatu tukae mezani, mkinipa siku.

Neema
Mmiliki

---

14 Aprili 2025
Kwa: Joseph, Idara ya Uhasibu
Nakala: Meneja Mkuu
Yah: Tumepokea Sh 3,776,000

Ndugu Joseph, Ndugu Meneja,

Malipo ya ankara Na. 118 yameingia Ijumaa. Ahsanteni sana, na Joseph, najua umelisukuma jambo hili. Na. 118 imefungwa.

Zimebaki Na. 126 na Na. 131, jumla Sh 7,504,800. Nimeandika kwenye kumbukumbu zetu ahadi ya Meneja kwa simu ya siku hiyo hiyo: zote mbili zitalipwa ifikapo tarehe 30 Aprili. Kama nimesikia vibaya, naomba nisahihishwe kwa barua hii hii.

Pasaka njema.

Neema

---

5 Mei 2025
Kwa: Meneja Mkuu
Nakala: Joseph, Idara ya Uhasibu
Yah: Ahadi ya 30 Aprili, na oda yenu mpya ya mashuka

Ndugu Meneja,

Tarehe 30 Aprili imepita bila malipo. Nimepiga simu yako tarehe 2 Mei mara tatu na leo asubuhi mara moja, haikupokelewa. Badala yake, Jumamosi nimepokea oda ya manunuzi kutoka stoo yenu: pea 80 za mashuka, zikabidhiwe kabla ya tarehe 10 Juni.

Nakuambia wazi ili usije ukapanga vyumba ukitegemea mzigo ambao hautafika. Oda hiyo nimeisimamisha. Kitambaa hakitakatwa mpaka Sh 7,504,800 zilipwe, na kuanzia sasa kazi yoyote ya hoteli yenu itaanza baada ya malipo ya nusu ya thamani yake. Uamuzi huu umenisumbua, kwani ninyi ni wateja tunaowapenda, na meneja aliyekutangulia ndiye aliyetupa kazi yetu ya kwanza Karatu. Lakini siwezi kukopa benki ili nimkopeshe mteja.

Kuhusu deni lenyewe, naona njia mbili, chagua inayokufaa:

Mlipe lote ifikapo Ijumaa, 16 Mei. Mkifanya hivyo, oda mpya inaingia mezani Jumatatu inayofuata, na mtaipata kabla ya tarehe 10 Juni kama mlivyoomba. Mafundi nitawapangia zamu mimi mwenyewe.

Au mlipe kwa awamu mbili za Sh 3,752,400, ya kwanza 16 Mei na ya pili 30 Mei, kwa barua yenye saini yako na muhuri wa hoteli. Kwa njia hii oda mpya itasubiri awamu ya pili, na tarehe 10 Juni sitaweza kuiahidi.

Kifungu cha 6 cha makubaliano yetu ya Novemba 2024 kinaruhusu riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi kwa deni lililopitisha muda. Sijaidai hata shilingi moja mpaka sasa. Ukichagua njia mojawapo na kuifuata, sitaidai.

Nasubiri jibu lako kabla ya Ijumaa, 9 Mei.

Neema
Mmiliki

---

19 Mei 2025
Kwa: Mkurugenzi
Nakala: Meneja Mkuu, Idara ya Uhasibu
Yah: NOTISI YA MWISHO YA MADAI YA SH 7,504,800

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Karakana yetu iliiuzia na kuikabidhi hoteli yako bidhaa zilizo kwenye ankara Na. 126 ya tarehe 3 Februari 2025 (Sh 4,956,000) na Na. 131 ya tarehe 24 Februari 2025 (Sh 2,548,800). Mzigo ulipokelewa na kusainiwa. Hakuna malalamiko yoyote kuhusu ubora au idadi yaliyotufikia, kwa barua wala kwa simu. Malipo yalitakiwa tarehe 5 Machi na 26 Machi. Tumekumbusha kwa barua nne, na kwa simu mara ambazo sitazihesabu hapa. Ahadi ya tarehe 30 Aprili haikutimizwa, na pendekezo la awamu la tarehe 5 Mei halijajibiwa.

Kwa notisi hii tunaitaka hoteli ilipe Sh 7,504,800 zote ndani ya siku 14, yaani kabla ya saa 10 jioni, Jumatatu, tarehe 2 Juni 2025, kupitia akaunti iliyoandikwa chini ya kila ankara.

Muda huo ukipita, riba ya kifungu cha 6, ambayo ni Sh 112,572 kwa kila mwezi, itaanza kuhesabiwa, na jalada litakabidhiwa kwa wakili wetu afungue madai mahakamani bila notisi nyingine. Tutadai deni, riba na gharama za kesi. Nakala ya karatasi ya notisi hii, yenye saini na muhuri, italetwa ofisini kwako na mjumbe kesho, naye ataomba sahihi ya kupokelewa.

Ndugu Mkurugenzi, sijui kama barua zilizotangulia zilikufikia. Kama hazikukufikia, zote zimeambatishwa hapa, pamoja na ankara, hati za makabidhiano na risiti za EFD. Naomba uzisome mwenyewe. Simu yangu iko wazi mpaka usiku, na ukitaka tuonane nitakuja siku utakayoitaja. Mazungumzo hayo hayatasogeza tarehe ya 2 Juni, ila malipo yakifanyika kabla yake, jambo hili litaishia hapo.

Wako katika kazi,

Neema
Mmiliki, Karakana ya Ushonaji, Njiro, Arusha

---

3 Juni 2025
Kwa: Mkurugenzi
Nakala: Meneja Mkuu, Idara ya Uhasibu, Wakili
Yah: Jalada limekabidhiwa kwa wakili

Ndugu Mkurugenzi,

Mpaka saa 10 jioni jana malipo hayakuwa yameingia. Asubuhi ya leo nimemkabidhi jalada wakili wetu, ambaye nimemweka kwenye nakala ya barua hii. Kuanzia sasa mawasiliano yote kuhusu ankara Na. 126 na Na. 131 yapitie kwake. Malipo bado yanaweza kufanywa kwenye akaunti ile ile, na yakiingia nitamjulisha saa hiyo hiyo asiendelee kuandaa hati ya madai.

Oda ya pea 80 tumeifuta.

Joseph, ahsante kwa uungwana wako muda wote huu.

Neema