Kwa madereva wapya wa bohari ya Felixstowe: takografu na kidhibiti mwendo

Ndugu madereva,

Karibuni. Wengi wenu mmepiga safari za Mombasa–Malaba au Dar–Tunduma kwa miaka, na kuhusu kushika usukani sina la kuwafundisha. Nawaandikia juu ya vifaa viwili vilivyomo katika kila lori letu hapa Uingereza, kwa sababu ndivyo vinavyowaponza madereva wazuri wakiwa wageni.

Takografu kwanza. Kabla lori halijasogea, chomeka kadi yako kwenye tundu namba 1. Kuanzia hapo inaandika mwendo wako, umbali, saa za kuendesha, kazi nyingine, kusubiri na kupumzika. Inaandika pia kadi ilipoingia na ilipotoka, umeme ulipokatika, na kama lori liliendeshwa bila kadi. Zile mpya hushika kwa setilaiti mahali ulipoanzia siku, ulipomalizia, na ulipo kila unapotimiza saa 3 za kuendesha. Kumbukumbu za lori hukaa takriban mwaka mzima. Afisa wa DVSA, wakala wa serikali unaokagua malori na madereva, akikusimamisha, ataangalia siku hiyo na siku 28 zilizotangulia.

Sasa shikeni hili, maana ndilo linaloleta kesi nyingi mezani kwangu. Lori likitembea, takografu yenyewe huandika alama ya usukani. Likisimama, huruka kwenye nyundo mbili zilizopishana, yaani kazi nyingine. Haijui kwamba umeshuka kunywa chai. Usipobonyeza mpaka alama ya kitanda, yaani mapumziko, ionekane kwenye kioo cha takografu, dakika zako 45 za mapumziko zimeandikwa kuwa kazi, na kisheria hujapumzika. Kabla ya kufungua mlango, angalia kitanda kwa macho yako.

Hizo dakika 45 unazidaiwa ukishaendesha saa 4 na nusu. Unaweza kuzigawa, lakini 15 zitangulie, 30 zifuate, ukigeuza, hazihesabiki. Dakika 44 nazo hazitoshi. Kwa siku unaendesha saa 9, na mara mbili kwa wiki unaruhusiwa 10. Wiki isizidi saa 56, na wiki mbili mfululizo zisizidi 90. Usiku pumzika saa 11; mara tatu kati ya pumziko moja la wiki na linalofuata unaweza kushuka hadi 9.

Jambo la saa linawachanganya sana watu wetu. Karatasi inayochapishwa hufuata saa ya kimataifa ya UTC, isiyosogezwa mbele kiangazi kama saa ya hapa. Wakati wa kiangazi, ukianza kazi saa moja asubuhi ya hapa, karatasi itasoma 06:00. Msidhani mashine imeharibika, na msiandike maelezo ya kuipinga.

Kidhibiti mwendo, wengine mnakiita spidi gavana. Kenya mmezoea 80. Hapa kimefungwa kwenye kilomita 90 kwa saa, sawa na maili 56. Kinapunguza mafuta yanayoingia kwenye injini, basi. Hakishiki breki. Ukiteremka M62 kuelekea Manchester na kontena zito, lori litapita 90 kwa uzito wake lenyewe, na likikaa juu ya hapo zaidi ya dakika moja, takografu inaandika tukio la mwendo kasi. Shukeni kwa gia na ritada.

Wala kidhibiti hakijui kibao cha barabarani. Katika mitaa ya mji yenye maili 30 kitakuacha uende 50. Barabara ya njia moja kila upande, England na Wales, ni maili 50; Scotland, kwa malori ya zaidi ya tani 7.5, ni 40. Hayo ni ya mguu wako. Kumbukeni pia kwamba lori mnalotaka kulipita huenda nalo limefungwa 90, kwa hiyo mtakwenda sambamba maili nzima. Kaeni nyuma yake.

Sumaku kwenye sensa ya gia, kadi ya mwenzako, waya uliochomolewa: hayo ni jinai, na mahakama inaweza kutoa kifungo cha hadi miaka 2. Mtu wa ofisini, hata akiwa ananizidi cheo, akikwambia "sukuma tu ufike", simama mahali salama unipigie. Kontena likichelewa Daventry nitajibu mimi. Rekodi ya uongo siitaki hapa, na dereva aliyechoka simruhusu barabarani.

Msongamano ukikuzuia kufika penye maegesho salama na ukapitisha muda, usinyamaze. Ukishasimama, chapisha karatasi na uandike sababu nyuma yake kwa mkono. Kadi ikipotea, nijulisheni siku hiyohiyo. Sheria inaruhusu siku 15 bila kadi, kwa kuchapisha karatasi mwanzo na mwisho wa kila siku.

Jumatatu kabla ya kutoka, leteni kadi zenu chumba cha madereva nizisome. Kila mmoja atabonyeza kitanda mbele yangu, kwenye lori atakalopewa.

Wenu,
Meneja wa Usafirishaji, Felixstowe