Uchambuzi wa Gharama na Manufaa: Kurejesha Mikoko kwenye Hekta 400 za Mabwawa ya Chumvi

Taarifa hii imeandaliwa kwa ajili ya kamati itakayoamua iwapo mradi wa kurejesha mikoko ugharamiwe na fedha za umma. Kinacholinganishwa ni mradi wenyewe na hali ya kuyaacha mabwawa kama yalivyo, ambapo karibu nusu bado yanatoa chumvi na yaliyobaki yametelekezwa. Takwimu zote za fedha ni za mamilioni kwa bei za mwaka wa kwanza, mfumuko wa bei ukiwa umekwisha kuondolewa, na kipindi cha tathmini ni miaka 100.

Gharama hazina utata mkubwa. Kubomoa kingo, kufungua upya mikondo ya maji ya bahari na kuandaa vitalu kutagharimu 60 mwanzoni. Ulinzi na ukarabati utachukua 1.5 kila mwaka, na chumvi itakayoachwa kuzalishwa tumeihesabu kuwa hasara ya 2 kila mwaka, kwa sababu pato ambalo jamii inalikosa ni gharama hata kama hakuna hundi inayoandikwa.

Manufaa huchelewa. Kwa miaka saba ya kwanza tumeyahesabu kuwa sifuri, kwani miche michanga haizuii mawimbi wala mizizi yake haijawa mazalia ya samaki na kaa. Kuanzia mwaka wa nane tumekadiria 10 kila mwaka: 6 kutokana na uvuvi, na 4 kutokana na madhara ya dhoruba yatakayoepukwa katika makazi yaliyo nyuma ya msitu. Kaboni inayohifadhiwa kwenye tope la mikoko hatukuiingiza katika hesabu kuu. Sababu si kwamba haina thamani, bali kwamba bei inayopewa tani moja ya kaboni hukokotolewa kwa kutumia kiwango cha punguzo, yaani asilimia ambayo thamani ya fedha ya baadaye hupunguzwa kwa kila mwaka, na kuitumia bei hiyo hapa kungekuwa kuliingiza jibu ndani ya swali.

Fedha itakayopatikana mwaka t huletwa kwenye thamani ya leo kwa kuigawanya kwa (1 + r)^t, ambapo r ni kiwango cha punguzo. Kwa asilimia 7, manufaa ya miaka yote 100 yana thamani ya leo ya 88.8 na gharama 109.9, hivyo mradi unapoteza 21.1. Kwa asilimia 3.5, manufaa ni 215.4 dhidi ya gharama za 156.8, na mradi unaleta faida halisi ya 58.6. Kwa asilimia 1.4, faida halisi inafika 222.4. Mpaka kati ya hasara na faida uko karibu na asilimia 5.5. Msitu ni uleule, bahari ni ileile na wavuvi ni walewale. Kilichobadilika ni namba moja, na namba hiyo haikupimwa ufukweni.

Kwa hiyo kamati inastahili kujua namba hiyo inatoka wapi. Wanaotetea kiwango cha juu huangalia faida ya mitaji: ikiwa fedha hizi zingeweza kuzalisha asilimia 7 kwingineko, basi mradi unaozalisha chini ya hapo unawanyima hata wajukuu. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inadai kwamba fedha zisizotumika kwenye mikoko ziwekezwe kweli, zikue bila kuguswa kwa miongo mingi, kisha wapewe walewale watakaopata hasara ya dhoruba. Hakuna mfuko wa namna hiyo uliopendekezwa mbele ya kamati. Njia nyingine hufuata kanuni inayotokana na kazi ya mwanahisabati Frank Ramsey ya mwaka 1928:

r = δ + ηg

Hapa g ni kasi ya kukua kwa matumizi ya mtu mmoja, η ni jinsi thamani ya nyongeza ya fedha inavyopungua kadiri mtu anavyotajirika, na δ ni punguzo la wakati mtupu, yaani kumhesabu mtu kuwa na uzito mdogo kwa sababu tu atakuja baadaye. Ramsey mwenyewe aliona kwamba punguzo hilo la mwisho haliwezi kutetewa kimaadili. Tathmini ya mwanauchumi Nicholas Stern ya mwaka 2006 kuhusu uchumi wa mabadiliko ya tabianchi iliweka δ kuwa asilimia 0.1, kwa ajili ya uwezekano wa binadamu kutoweka, η kuwa 1 na g kuwa asilimia 1.3, na hapo ndipo inapotoka asilimia 1.4. Mwanauchumi mwenzake William Nordhaus aliikosoa akisema kiwango lazima kiendane na tabia halisi ya watu sokoni, na viwango vyake vilikuwa juu zaidi kwa mbali.

Chukua nyumba moja itakayonusurika mafuriko mwaka wa 60, na madhara yaliyoepukwa yakiwa milioni moja. Kwa asilimia 7, nyumba hiyo inaingia kwenye jedwali letu ikiwa takribani 17,000. Kwa asilimia 3.5, takribani 127,000. Kwa asilimia 1.4, takribani 434,000. Mwenye nyumba hiyo huenda hajazaliwa. Hawezi kuja mbele ya kamati, hana kura, na kipimo cha kawaida kinachosema mradi unafaa ikiwa wanaofaidika wangeweza kuwafidia wanaopoteza hakimlindi, kwa kuwa fidia ya kuwezekana si fidia iliyolipwa. Kwa asilimia 7, manufaa yote baada ya mwaka wa 30 ni asilimia 21 tu ya manufaa yaliyohesabiwa. Kwa asilimia 1.4 ni asilimia 62.

Dhana kwamba vizazi vijavyo vitakuwa na mali zaidi nayo ina mpaka. Wanaweza kuwa na fedha nyingi na pwani chache zenye kinga, na kitu kinachozidi kuadimika hupanda thamani. Aidha, kutokuwa na hakika kuhusu kiwango sahihi kwenyewe kunashusha kiwango cha miaka ya mbali, kama alivyoonyesha mwanauchumi Martin Weitzman mwaka 1998. Tukisema asilimia 1 na asilimia 7 zina uwezekano sawa, wastani wa mapunguzo yake kwa mwaka wa 100 ni sawa na kutumia takribani asilimia 1.7, wala si asilimia 4. Mwongozo wa hazina ya Uingereza huanza na asilimia 3.5 na kushuka baada ya mwaka wa 30. Sisi tumetumia asilimia 3.5 bila kuishusha, ili asiwepo wa kusema mradi umebebwa na hesabu.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni ya shambani. Upandaji mwingi wa mikoko hufeli kwa kuweka aina isiyofaa mahali ambapo maji hukaa muda mrefu kupita kiasi. Kwa asilimia 3.5, manufaa yakipungua kwa moja ya tano faida inabaki 15.5, yakichelewa hadi mwaka wa 15 inabaki 10.6, yote mawili yakitokea pamoja mradi unapoteza 22.9.

Tunapendekeza mradi uidhinishwe, kingo zibomolewe kuanzia mabwawa yaliyotelekezwa, na mtiririko wa maji upimwe kabla mche wowote haujapandwa. Wafanyakazi wa mabwawa yanayozalisha ndio wanaobeba hasara leo kwa faida ya watu wasiowajua, na haifai haki ya wasiozaliwa inunuliwe kwa haki ya waliozaliwa. Fidia yao iwekwe kwenye bajeti na ianze kulipwa kabla ya bwawa lao la kwanza kufunguliwa.