Barua ya Zabuni na Maelezo ya Kiufundi: Ufungaji wa Pampu ya Sola na Bomba la Kupandishia Maji, Fungu la 2, Wilaya ya Chamwino

Dodoma, 14 Julai 2025

Meneja wa Wilaya,
Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini (RUWASA),
Chamwino, Dodoma.

Ndugu Meneja,

YAH: KUWASILISHA ZABUNI, FUNGU LA 2

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tumesoma nyaraka zote za zabuni pamoja na ufafanuzi uliotolewa kupitia mfumo wa NeST, na tarehe 2 Julai tulifika eneo la mradi kwenye ziara rasmi. Tunaomba kufanya kazi yote ya Fungu la 2: kufunga pampu ya kuzamisha kwenye kisima kilichopo, mfumo wa sola wa kuiendesha, chumba cha mitambo, na mita 900 za bomba la kupandishia maji hadi kwenye tenki lililopo la mita za ujazo 50. Mtandao wa kusambaza na vituo 12 vya kuchotea maji viko kwenye Fungu la 3, hivyo hatukuvihesabu.

Zabuni hii ni halali kwa siku 120 tangu tarehe ya kufunguliwa. Tamko la dhamana ya zabuni limejazwa kwa fomu yenu bila kubadilishwa neno. Hatuna mgongano wa maslahi, hatujafungiwa kushiriki ununuzi wa umma, na hatuna mkengeuko wowote kutoka kwenye masharti au vipimo vyenu. Bei iko kwenye fomu ya bei peke yake na haitajwi popote katika barua hii.

Viambatisho vya sifa za awali ni hivi: usajili wa BRELA, usajili wa Bodi ya Usajili wa Makandarasi, leseni ya biashara, cheti cha kutodaiwa kodi, leseni ya EWURA ya fundi umeme wetu, hesabu zilizokaguliwa za miaka 3 na hati ya uwakilishi ya mtia saini. Vyote viko hai hadi baada ya muda wa uhalali wa zabuni, isipokuwa leseni ya biashara inayoisha Septemba. Stakabadhi ya maombi ya kuihuisha imeambatishwa.

Yanayofuata ni majibu ya vigezo vya tathmini kwa mpangilio na namba zilezile za nyaraka zenu.

Kigezo cha 1: Uzoefu wa kazi zinazofanana (alama 20)

Mmetaka mikataba 2 ya pampu za sola zenye mota isiyopungua kilowati 4, iliyokamilika ndani ya miaka 5. Tunawasilisha 3: Bahi (2021, kilowati 4), Manyoni (2022, kilowati 7.5) na Kongwa (2024, kilowati 5.5). Mkataba wa Bahi na wa Manyoni kila mmoja una barua ya kazi, cheti cha kukamilisha na cheti cha kumaliza kipindi cha matazamio. Wa Kongwa bado uko kwenye kipindi hicho, kwa hiyo tumeambatisha cheti cha makabidhiano ya awali. Mkiuondoa kwa sababu hiyo, miwili iliyobaki inatosha kutimiza kigezo.

Kigezo cha 2: Wataalamu (alama 15)

Msimamizi wa mradi ni mhandisi wa maji aliyesajiliwa ERB, mwenye uzoefu wa miaka 11. Fundi umeme mkuu ana leseni ya EWURA na miaka 8 ya kufunga inveta za pampu. Wengine ni fundi pampu, fundi mabomba mwenye cheti cha kuunganisha HDPE na msimamizi wa usalama. Wasifu wa kila mmoja umesainiwa na mwenyewe. Msimamizi atakuwa eneo la kazi muda wote wa kushusha pampu na wa majaribio; siku za kuchimba mtaro atafika mara 2 kwa wiki.

Kigezo cha 3: Usanifu na mbinu ya utekelezaji (alama 35)

*Mahitaji ya maji.* Watu 2,800 kwa lita 25 kila mmoja ni mita za ujazo 70 kwa siku. Tukiruhusu upotevu wa asilimia 15, kisima kinatakiwa kutoa mita za ujazo 82 kwa siku.

*Kisima.* Ripoti yenu ya majaribio inaonyesha kina cha mita 120, maji tulivu mita 38, na mita 61 kinapovutwa mita za ujazo 12 kwa saa, ambacho ndicho kiwango salama. Hapa ndipo usanifu wote unapoegemea. Kisima hiki hakiwezi kuharakishwa. Pampu kubwa itakayotoa maji ya siku nzima kwa saa 5 itashusha maji hadi kwenye machujio, ivute mchanga, na kisima kife kabla ya paneli. Tumepanga pampu ya mita za ujazo 11 kwa saa, kisha tumeongeza paneli ili saa za kusukuma ziwe nyingi.

*Kimo cha kusukuma.* Mita 61 za maji kisimani, 14 za mwinuko wa ardhi hadi tenkini, 6 za mnara, 3 za kuingilia juu ya tenki, 5 za msuguano kwenye bomba la mita 900, 1 kwenye bomba la kisimani, na 2 za mita ya maji, valvu na viungo. Jumla ni mita 92, tumetumia 93. Msuguano umekokotolewa kwa bomba la HDPE la milimita 90, PN 10, lenye kipenyo cha ndani cha milimita 79.2, ambamo maji yatakwenda mita 0.62 kwa sekunde. Bomba la milimita 75 lingekuwa rahisi zaidi kwa bei, lakini msuguano ungezidi maradufu na kudai paneli zaidi kila siku ya maisha ya mradi.

*Pampu na mota.* Mota ni ya inchi 4, kilowati 5.5, volti 380, na pampu yake ni ya chuma cha pua, kwa sababu maji ya eneo hili yana chumvi. Kwa sababu hiyohiyo, kati ya aina mbili za bomba la kisimani mlizoruhusu, tumechagua uPVC ya visima ya inchi 2.5. Pampu itakaa mita 84, juu ya machujio yanayoanzia mita 90, ili maji yapande yakipita ubavuni mwa mota na kuipoza. Ndani ya kesingi ya inchi 6 maji yatapita kwa mita 0.29 kwa sekunde. Mota za aina hii huhitaji takriban 0.15. Kihisi cha kuzuia pampu kwenda kavu kitafungwa mita 78.

*Sola.* Kupandisha mita za ujazo 82 hadi mita 93 ni kazi ya kWh 20.8 kwa siku. Kwa ufanisi wa asilimia 42 wa pampu, mota na inveta kwa pamoja, inahitajika kWh 49.5. Tukiondoa asilimia 20 kwa joto na vumbi, na kwa kWh 5.3 za jua kwa mita ya mraba zilizomo kwenye nyaraka zenu, tunapata kWp 11.7. Tunafunga paneli 30 za wati 450, yaani kWp 13.5. Siku isiyo na mawingu pampu itafikia kasi yake kamili karibu saa 2 na robo asubuhi na kuishikilia hadi saa 10 kasorobo alasiri, na inveta itazuia mota isizidi mita za ujazo 11 kwa saa hata jua likiwa kali kiasi gani.

Paneli zinapangwa mistari 2 ya paneli 15. Idadi hii haitokani na umbo la uwanja. Paneli ikiwa na joto la nyuzi 65, mstari wa 15 bado unatoa takriban volti 540, kiasi ambacho inveta inahitaji ili kuipa mota volti 380 kamili. Asubuhi ya nyuzi 10 kabla mota haijawaka, mstari huohuo unafika takriban volti 770, chini ya kikomo cha inveta cha 800. Paneli 14 zingeifanya mota idhoofike saa 7 mchana. Paneli 16 zingeweza kuunguza inveta asubuhi moja ya Julai. Mwinamo ni nyuzi 12 kuelekea kaskazini, ili mvua isafishe vumbi.

*Kusimamisha pampu tenki likijaa.* Hatutandazi waya wa mita 900 hadi tenkini, kwa kuwa waya huo huibwa au hukatwa na jembe. Valvu ya boya itafunga tenkini, shinikizo litapanda kwenye bomba, na kihisi cha shinikizo kilichopo kisimani kitazima inveta, kisha kuiwasha tena baada ya dakika 30.

*Kushusha pampu.* Kisima kitasafishwa kwa hewa na kina kupimwa upya kabla ya kushusha chochote. Kiungo cha kebo ndicho mahali ambapo pampu nyingi mpya hufia: maji yakipenya, mota hupiga shoti ndani ya wiki chache. Kiungo chetu kitalowekwa kwenye pipa la maji saa 12 na kupimwa kwa mega. Tutapima tena kila baada ya mabomba 3 yanaposhuka. Usomaji ukianguka chini ya megaomu 20, tunapandisha na kutafuta kasoro, hatuendelei. Kebo ni ya milimita za mraba 6, na upotevu wa volti ni chini ya asilimia 3.

*Bomba la kupandishia.* Mtaro wa mita 1, mchanga wa milimita 100 chini ya bomba, utepe wa tahadhari juu yake. Jaribio la shinikizo ni bar 6 kwa saa 2, viungo vikiwa wazi mbele ya mhandisi wenu. Vitafungwa valvu 1 ya kutoa hewa kwenye kilele cha mita ya 540 na valvu 1 ya kusafishia bondeni.

*Radi.* Vizuia radi vitafungwa upande wa paneli na upande wa mota, na ardhi isizidi omu 10. Udongo wa pale ni mkavu na wa mawe, hivyo tumepanga fimbo 3 zilizounganishwa badala ya 1.

Kigezo cha 4: Ratiba (alama 10)

Mmetoa siku 120; tunaahidi 105. Pampu na inveta huagizwa wiki ya 1 na kufika wiki ya 7. Muda huo unatumika kuchimba mtaro, kulaza bomba, kujenga chumba na kusimika fremu. Kushusha pampu ni wiki ya 9, majaribio wiki ya 12 na 13, mafunzo na makabidhiano wiki ya 14 na 15. Hatari kubwa ni kuchelewa kwa mzigo bandarini, ndiyo maana wiki ya 8, 10 na 11 zina nafasi. Mkataba ukisainiwa kabla ya katikati ya Agosti, mtaro wote utafukiwa kabla ya mvua za Desemba.

Kigezo cha 5: Dhamana, vipuri na mafunzo (alama 15)

Pampu na inveta miaka 2. Paneli miaka 12 kwa kasoro za kiwandani na miaka 25 kwa kiwango cha uzalishaji, kwa barua za watengenezaji zilizoambatishwa. Katika miezi 12 ya matazamio tutafika ndani ya saa 48 baada ya taarifa. Inveta 1 ya akiba itakaa kwenye ghala letu la Dodoma kipindi chote hicho, maana ikiharibika kijiji hakiwezi kusubiri wiki 6.

Wahudumu 4 wa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii watafundishwa siku 3, kwa vitendo: kusoma mita na kuandika daftari la kila siku, kuosha paneli alfajiri kabla hazijapata joto, kubadilisha fyuzi, kusoma alama za hitilafu za inveta na kupima kina cha maji kila mwezi. Kipimo cha mwisho ndicho muhimu kuliko vyote, kwani kinaonyesha kisima kinachochoka mapema. Tutawaachia kipima kina cha mita 100, fyuzi 10, kizuia radi 1 na mwongozo wa Kiswahili uliobandikwa ukutani.

Kigezo cha 6: Usalama na mazingira (alama 5)

Kuta za mtaro unaozidi mita 1.2 zitaegemezwa, na vivuko vya watu vitawekwa kila mita 100. Paneli hutoa umeme hata swichi ikizimwa, hivyo zitafunikwa wakati wa kuunganisha. Boliti ni za kuzuia wizi, na uzio ni wa mita 2 wenye lango la kufuli mbili. Miti 2 inayotoa kivuli itakatwa kwa kibali cha serikali ya kijiji, na 10 itapandwa upande wa kusini ambako haitazuia jua.

Tuko tayari kutoa ufafanuzi wowote kupitia NeST ndani ya muda mtakaoupanga.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkurugenzi Mtendaji
(saini na mhuri)
Mtia saini aliyeidhinishwa kwa hati ya uwakilishi, Kiambatisho Na. 7