Kuondolewa kwa nafasi ya karani wa mizani, ghala la asali Tabora

2 Machi 2026

Bi. Zainabu,

Kama tulivyozungumza kwenye vikao vya Februari, nafasi yako itaondolewa. Upokeaji wote wa asali unahamia Sikonge na ghala la Tabora linafungwa. Tulitafuta nafasi nyingine inayokufaa, haikupatikana. Hili halihusiani na utendaji wako: vitabu vyako vya mizani havijawahi kuleta ubishi na wafugaji nyuki.

Siku yako ya mwisho ni 31 Machi. Utalipwa:

Mshahara wa Machi: 520,000
Likizo, siku 9: 180,000
Kiinua mgongo, siku 7 kwa kila mwaka, miaka 6: 840,000

Jumla ni shilingi 1,540,000 kabla ya makato, itakayoingia benki siku hiyo hiyo. Kiwango cha siku ni 20,000 (mshahara wa msingi kugawanya kwa 26).

Kila Ijumaa ya Machi ni yako ya kutafuta kazi, kwa malipo. Cheti cha utumishi na barua ya NSSF utavichukua tarehe 31. Angalia namba yako ya uanachama kabla ya kusaini, maana tarakimu moja ikikosewa fao la kukosa ajira hukwama. Usiporidhika, una siku 30 tangu kuachishwa kufika CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Tunasikitika sana, dada. Nipo ofisini kesho saa tatu, njoo na yeyote unayemwamini.

Hamisi
Rasilimali Watu