MKATABA WA MKOPO KATI YA MJOMBA NA MPWA

Mkataba huu umefanyika tarehe 27 Februari 2026 kati ya Yohana Petro Masanja, ambaye humu ataitwa Mjomba, na Daudi Elia Makoye, mtoto wa dada yake, ambaye humu ataitwa Mpwa. Nakala za vitambulisho vyao zimebanwa nyuma ya mkataba huu.

Fedha hizi ni mkopo. Si zawadi, si mchango wa ukoo, wala si sehemu ya urithi iliyotolewa mapema.

1. Kiasi na matumizi

Mjomba anamkopesha Mpwa shilingi 6,000,000 (milioni sita). Fedha zitaingizwa kwenye akaunti ya benki ya Mpwa tarehe 2 Machi 2026, zote kwa mkupuo mmoja. Hakuna sehemu itakayotolewa mkononi, kwa sababu fedha ya mkononi haiachi alama, na baada ya mwaka mmoja kila mtu hukumbuka kiasi chake.

Mpwa atanunua mashine moja ya kuchomelea vyuma na jenereta moja kwa ajili ya karakana yake. Ndani ya siku 14 tangu apokee fedha atampa Mjomba nakala ya risiti zenye namba zilizogongwa kwenye kila kifaa. Bila namba hizo kifungu cha 5 hakina nguvu, maana hakutakuwa na namna ya kujua ni mashine ipi iliyowekwa dhamana.

2. Riba

Riba ni asilimia 6 kwa mwaka, yaani asilimia 0.5 kwa mwezi, na hukokotolewa kwenye salio la mkopo lililobaki, si kwenye milioni sita ya mwanzo. Mwezi wowote, uwe na siku 28 au 31, huhesabiwa kuwa mwezi mmoja.

Riba inaanza kuhesabiwa tarehe 5 Mei 2026. Kipindi cha kabla ya hapo hakina riba: Mjomba amekiachilia kwa hiari ili vifaa vifungwe na kazi ianze. Riba iliyochelewa haizai riba nyingine, kwa muda wowote na kwa sababu yoyote.

3. Marejesho

Mpwa atalipa kwa awamu 12, kila tarehe 5. Kila awamu ina shilingi 500,000 za mkopo pamoja na riba ya mwezi huo:

5 Juni 2026: 530,000
5 Julai 2026: 527,500
5 Agosti 2026: 525,000
5 Septemba 2026: 522,500
5 Oktoba 2026: 520,000
5 Novemba 2026: 517,500
5 Desemba 2026: 515,000
5 Januari 2027: 512,500
5 Februari 2027: 510,000
5 Machi 2027: 507,500
5 Aprili 2027: 505,000
5 Mei 2027: 502,500

Jumla ni shilingi 6,195,000, ambapo riba ni 195,000. Tarehe 5 ikiangukia siku ambayo benki zimefungwa, malipo yatafanyika siku ya kazi inayofuata na hayatahesabiwa kuwa yamechelewa.

Malipo yatapitia benki au simu kwenda kwa Mjomba mwenyewe, na makato ya kutuma ni ya Mpwa. Hayatapitia kwa mama, ndugu au mtoto yeyote. Kila mara maelezo ya muamala yasomeke "rejesho la mkopo".

Neno hilo ni la lazima. Mpwa akimtumia Mjomba fedha za matibabu, ada au msiba, huo ni msaada wa kifamilia na haupunguzi deni. Vivyo hivyo, kazi yoyote ya kuchomelea atakayomfanyia Mjomba italipwa kwa bei ya kawaida au itafanywa bure kwa hiari yake. Haitakatwa kwenye deni mpaka wote wawili wakubaliane kiasi kwa ujumbe wa maandishi kabla kazi haijaanza. Madeni mengi ya ndugu huvurugikia hapa: mmoja anahesabu fadhila, mwenzake anahesabu fedha.

Mpwa anaweza kulipa zaidi au kumaliza mapema bila adhabu. Ziada itapunguza salio na idadi ya awamu, si ukubwa wa sehemu ya mkopo ya kila mwezi. Kwa mfano, akiongeza 1,000,000 siku ya awamu ya tatu, salio litakuwa 3,500,000, riba ya Septemba itakuwa 17,500 badala ya 22,500, na awamu ya mwisho itakuwa ya 5 Machi 2027.

4. Malipo yakichelewa

Mpwa akiona hataweza kulipa, atamwarifu Mjomba kwa maandishi angalau siku 5 kabla ya tarehe. Mpwa ana siku 7 za uvumilivu baada ya tarehe 5 kwa awamu husika. Zikipita, Mpwa atatozwa faini ya shilingi 10,000, mara moja tu kwa awamu hiyo. Fedha itakayoingia italipa kwanza riba, kisha mkopo, na faini mwisho, ili adhabu isimeze marejesho.

Awamu mbili mfululizo zikikosekana, wahusika na mdhamini watakaa kikao ndani ya siku 14. Ratiba inaweza kupangwa upya mara moja tu, kwa nyongeza isiyozidi miezi 4, na iandikwe na kusainiwa. Ahadi ya mdomo haibadilishi ratiba.

Awamu tatu mfululizo zikikosekana, au ratiba mpya ikivunjwa kwa awamu moja, Mjomba anaweza kudai salio lote kwa barua yenye muda wa siku 30.

5. Dhamana na mdhamini

Vifaa vilivyotajwa ni dhamana ya mkopo. Mpwa hataviuza wala kuviweka rehani kwingine kabla ya kumaliza deni. Siku 30 za barua ya Mjomba zikiisha bila malipo, vitauzwa na Mpwa na Mjomba kwa pamoja, kwa bei isiyopungua makadirio ya fundi asiye ndugu. Bei ikizidi deni, ziada ni ya Mpwa. Ikipungua, tofauti inabaki kuwa deni. Mjomba haruhusiwi kwenda kuchukua kifaa chochote karakanani kwa nguvu.

Tabitha Elia Makoye, dada mkubwa wa Mpwa, ni mdhamini. Dhamana yake haizidi shilingi 1,500,000, na atadaiwa baada ya vifaa kuuzwa, si kabla.

6. Kifo

Mpwa akifariki, deni litalipwa kutoka kwenye mali aliyoacha, na watoto wake hawatadaiwa kutoka mifukoni mwao. Mjomba akifariki, marejesho yataendelea kwa ratiba ileile kwa msimamizi wa mirathi yake. Warithi hawawezi kudai salio lote kwa sababu ya kifo peke yake.

7. Siri na migogoro

Deni hili halitatangazwa kwenye vikao vya ukoo wala makundi ya simu. Mgogoro utapelekwa kwanza kwa msuluhishi mmoja watakayekubaliana. Usipoisha ndani ya siku 30, yeyote anaweza kwenda mahakamani.

Mkataba una nakala tatu: ya Mjomba, ya Mpwa na ya mdhamini. Deni likiisha, Mjomba atatoa hati ya kumaliza deni ndani ya siku 7.

Umesainiwa tarehe 27 Februari 2026 na:

Yohana Petro Masanja, Mjomba
Daudi Elia Makoye, Mpwa
Tabitha Elia Makoye, mdhamini, aliyesomewa kifungu cha 5 na kukikubali
Neema Simoni Lukas, mke wa Mpwa, anayethibitisha kuwa anaufahamu mkopo huu na kuridhia vifaa kuwekwa dhamana