Lala, Mize, Maji Yametoka

Wimbo wa mchana, wa bibi kumlaza mjukuu, Jambiani, kusini Unguja. Siku za bamvua maji hutoka asubuhi, na wanawake wa mwani hushuka pwani wote kwa pamoja. Kina mama wakishuka, watoto hubaki na mabibi. Mtoto huyu ni wa miezi saba, jina lake Mize, na kwa utani bibi humwita mke mwenza. Kiitikio kirudiwe kadiri mtoto atakavyo. Asiyejua sauti yake aimbe kwa sauti yoyote, mradi isipande.

*Kiitikio*

Shwaa, shwaa, maji yenda,
lele, lele, lala mwana,
shwaa, shwaa, yatarudi,
lele, lele, na mamayo.

Saa nne, jua kali,
mamayo hakwenda mbali,
kachukua kamba zake
akafunge mwani wake.

Kajifunga kanga mbili,
moja kichwa, moja mwili,
wewe kakwacha na bibi,
lala, lala, ya habibi.

Shwaa, shwaa, maji yenda,
lele, lele, lala mwana,
shwaa, shwaa, yatarudi,
lele, lele, na mamayo.

(Mtoto sasa yuko begani, bibi anazunguka naye barazani. Macho makavu kabisa! Basi tuanze na wale wanaolala mchana, aone kwamba hakuonewa peke yake.)

Wanaolala mchana
si weye pekeyo, mwana,
wapo wengi wa kutaja,
tulia kidogo, ngoja.

Komba tunduni kangia,
kajikunjia mkia,
usiku kalia wee,
sasa mwache, ajilale.

Wee, komba, kanyamaza,
lele, lele, kajilaza.

Popo yu Pemba, Kidike,
kajifunga bawa lake,
kichwa chini, guu juu,
upepo wapita, fuu.

Fuu, fuu, abembea,
lele, lele, asinzia.

Kaa yu shimoni mwake,
kaziba mlango wake,
jua likizama: ti, ti,
viguu kama vijiti.

Ti, ti, ti, ti, sasa bado,
lele, lele, bado, bado.

(Bundi naye hulala mchana, lakini bibi hamtaji. Ndege yule hatiwi kwenye wimbo wa mtoto, hata uwe na ubeti mzuri namna gani.)

Shwaa, shwaa, maji yenda,
lele, lele, lala mwana,
shwaa, shwaa, yatarudi,
lele, lele, na mamayo.

(Bibi kaketi. Mtoto yu mapajani, anapigwapigwa mgongoni kwa vidole vitatu, si kwa kiganja. Wanaofuata ni wa hapa hapa uani, na baadhi yao mtoto anawasikia kwa masikio yake, kwa hiyo sauti zao ziimbwe taratibu kuliko wanavyolia wenyewe.)

Mbuzi kivulini, mee,
acheua, mee, mee,
taya lenda na kurudi,
wala haitiki hodi.

Paka kalala jamvini,
mkia upo puani,
koro, koro, koro, koro,
umwamshe paka? Ng'o, ng'o.

Tetere kwenye mnazi,
ruu, ruu, hana kazi,
makuti chaka, chakacha,
upepo waja, waacha.

Kuku kafungua bawa,
vifaranga vyote sawa.
Chwi, chwi, chwi, nani kabaki?
Kimoja hakishikiki.

(Hapo mtoto hucheka. Ukiona kacheka sana, ruka ubeti huu kesho.)

Kipepeo, pepe, pepe,
kwenye asumini, pepe,
katua, kafumba mbawa,
macho yako nayo sawa.

Pepe, pepe, fumba, fumba,
lele, lele, fumba, fumba,
pepe, pepe, fumba moja,
lele, lele, la pili, ngoja.

(Jicho moja limefumba kweli, la pili linamtazama bibi. Basi tena, twende Jozani, msituni.)

Kima punju wa Jozani,
mkaa ala wa nini?
Majani ya mkunguni
yamsokota tumboni.

Wewe ushakunywa uji,
mkaa huuhitaji,
toa mbweu, pole pole,
lala, mwanangu, ulale.

(Si uongo wa bibi. Kima punju huokota mkaa kwenye majiko ya watu na penye miti iliyoungua, wakautafuna kwa sababu ya sumu ya majani ya mkungu na mwembe wanayoyapenda. Wenye mkaa wao jikoni hawaufurahii ubeti huu.)

Kasa yuko baharini,
ala nyasi za majini,
aibuka, apumua,
azama, ajichukua.

Pomboo Kizimkazi,
pwaa, pwaa, ndio kazi,
boti zikija kwa fujo,
huzama, huaga: kesho.

Pwaa, pwaa, kesho, kesho,
lele, lele, kesho, kesho.

(Kuanzia hapa maji yanajaa, na maneno yapungue. Bibi asiinuke hata akisikia mtu anabisha hodi mlangoni. Kiitikio nacho kinabadilika.)

Shwaa, shwaa, maji yaja,
lele, lele, twamngoja,
shwaa, shwaa, magotini,
lele, lele, yu njiani.

Atakuletea nini?
Kijipweza mkononi,
na kombe la kuchezea,
ukiamka, utapewa.

Shwaa, shwaa, maji yaja,
lele, lele, twamngoja.

Koro, koro,
ruu, ruu,
mee,
fuu.

Shwaa, lele,
shwaa, lele,
shwaa.

(Mlango wa uani unalia. Mama kaingia, suruali imerowa hadi mapajani, gunia la mwani kaliacha nje. Kinachofuata hakiimbwi, kinasemwa kwa mnong'ono.)

"Shikamoo mama. Kalala?"

"Marahaba. Sasa hivi tu. Usije ukamgusa, una chumvi mikono yote miwili."

"Nimchungulie tu."

"Kanawe kwanza. Maji yamo kwenye pipa, kata iko juu ya kifuniko. Huyo pweza mpeleke jikoni, paka ameshafungua macho."