Maelekezo ya picha: bamba la kale la mmea wa manjano, shina la ardhini likiwa limepasuliwa

Tengeneza picha moja ya wima, yenye uwiano wa 5:7, inayofanana na bamba la mimea ya dawa lililochapwa Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 19 kwa chapa ya mawe na kupakwa rangi chache. Mmea ni manjano, ambao jina lake la kisayansi ni Curcuma longa. Picha itachapwa kwenye karatasi ya A2 na kutundikwa kwenye kibanda cha bustani ya mitidawa ya shule, mahali ambapo wanafunzi wataufananisha mmea uliochorwa na ule walioupanda wenyewe, kwa hiyo usahihi wa maumbile yake unatangulia uzuri.

Mstari wa ardhi upite chini kidogo ya katikati ya karatasi. Juu yake, onyesha mmea mmoja uliokomaa, wenye majani sita au saba marefu yaliyochongoka nchani. Vikonyo vya majani hayo vimekumbatiana hadi kufanya shina bandia, na kila jani lina mshipa mkuu ulionyooka, ambao mishipa midogo inatoka kwake kwa mshazari na kwenda sambamba hadi ukingoni. Jani moja lipinde mbele ili upande wake wa chini uonekane. Kutoka katikati ya majani lichomoze shada la maua lililosimama: vikuti vyake, yaani vijani vidogo vinavyoyashika maua, vya chini ni vya kijani hafifu na vimejikunja kama vifuko, vya juu ni vyeupe vyenye wekundu wa mbali, na maua ya manjano mpauko yanachungulia ndani ya vile vya chini tu. Usichore tunda wala mbegu popote, kwa sababu manjano hupandwa kwa vipande vya shina lake la ardhini na hayazai mbegu.

Sehemu iliyo chini ya udongo ndiyo kiini cha bamba hili, maana dawa na kiungo vyote hutoka huko. Katika picha iliyotoka jana mizizi ilikuwa minene na mirefu kama karoti tatu zilizofungwa pamoja, na mtu yeyote aliyewahi kuchimba manjano angeikataa mara moja. Kinachotakiwa ni shina la ardhini lenye kiini kimoja kinene, chenye umbo la yai, ambacho kutoka kwake vinachipuka vidole vitano au sita vilivyopinda kidogo, kila kimoja kikiwa na unene unaokaribia kidole gumba cha mtu. Upande wa kushoto uachwe mzima: ganda la kahawia iliyochanganyika na kijivu, pete za makovu ya majani zilizokaribiana, na mabaki ya magamba makavu. Upande wa kulia upasuliwe kwa urefu, kana kwamba kisu kikali kimepita ndani ya kiini na ndani ya vidole viwili, nyama ya ndani ionekane kwa rangi ya chungwa iliyokolea, na mstari mwembamba utenganishe tabaka la nje na moyo wa ndani. Mizizi halisi ni myembamba, inashuka kutoka kwenye kiini, na michache kati yake inavimba mwishoni kuwa viazi vidogo. Kimoja kikatwe kuonyesha kwamba ndani yake ni peupe kuliko kidole cha manjano. Pembeni chini kulia, weka mkato wa mviringo wa kidole kimoja, uliokuzwa mara tatu, wenye vitone vya mishipa vilivyotawanyika.

Mistari yote iwe ya wino wa kahawia iliyoiva, myembamba kama unywele, ikinenepa kidogo tu upande wa kivuli. Kivuli kifanywe kwa mistari iliyopishana na kwa vitone, si kwa rangi iliyosambazwa, na mwanga utoke juu kushoto. Rangi zisizidi tano, zote zimefifia, ila chungwa la nyama iliyopasuliwa liruhusiwe kung'aa kuliko nyingine. Udongo usipakwe; mistari michache ya mlalo inatosha kuuonyesha.

Karatasi iwe na rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, isiyong'aa, yenye nyuzi zinazoonekana kwa mbali na madoa machache ya kahawia karibu na kingo, bila kuchanika wala kuungua. Acha ukingo mtupu wa kutosha pande zote, na nafasi pana zaidi chini. Usiandike herufi, tarakimu wala sahihi yoyote, kwani majina ya sehemu za mmea nitayapanga mwenyewe kwa Kiswahili baada ya picha kukamilika. Pasiwe na fremu ya maua, wadudu, kinu, mikono ya watu, wala kivuli cha mmea juu ya karatasi, na picha isifanane na fotografia.